Ufunguo wa Ghala

Picha ilinifikia saa mbili usiku, siku ya Alhamisi, kutoka kwa shemeji yangu anayeishi Mbagala. Ilikuwa barua ya maabara iliyopigwa picha kwa simu juu ya meza, pembeni kikionekana kikombe cha chai. Jina la kiwanda chetu lilisomeka vizuri. Chini yake yalifuata maneno "unga wa lishe", namba ya bachi, na matokeo ya kipimo cha sumukuvu: mikrogramu 38 kwa kilo. Viwango vya Afrika Mashariki vinaruhusu mikrogramu 10 kwa sumukuvu zote zikijumlishwa, na zisizozidi 5 kwa ile kali kuliko zote, iitwayo B1. Shemeji alikuwa ameandika maneno matatu tu: "Shemu, ndiyo nyinyi?"

Mtoto wake alikuwa na miezi tisa na alikunywa uji wa unga ule kila asubuhi. Mimi ndiye niliyekuwa nampelekea.

Wakati huo nilikuwa mkuu wa mawasiliano wa kiwanda hicho, mwaka wangu wa sita. Tulisaga sembe, dona, na unga wa lishe wa mahindi, soya na karanga. Nilichokifanya usiku ule nimekirudia kichwani mara nyingi kuliko jambo jingine lolote katika kazi yangu. Sikumpigia mkemia wetu wala sikumpigia Mzee, mwenye kiwanda. Nilifungua kompyuta nikaandika taarifa yenye sentensi hii: "Bidhaa zetu zote ni salama na zimethibitishwa." Saa nne usiku ilikuwa imeshasambaa. Nilifundishwa kwamba ukichelewa kusema, wengine watasema kwa niaba yako, nami niliamini kasi ndiyo ustadi.

Asubuhi nilifika kiwandani nikaomba faili la barua. Barua ile ya kurasa mbili ilikuwamo, imegongwa muhuri wa masijala yetu wenyewe. Tuliipokea siku 11 kabla ya picha kusambaa. Kufikia adhuhuri mtu mmoja alikwishaweka picha mbili bega kwa bega kwenye makundi ya WhatsApp, muhuri wa masijala upande huu na sentensi yangu upande ule. Hakuongeza hata neno moja, na halikuhitajika.

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa jambo ambalo semina nilizohudhuria hazikunifunza. Watu wa nchi hii wanaijua sumukuvu. Mwaka 2016 iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, watoto wakiwamo, na tangu hapo maofisa ugani wameizungumza hadi vijijini. Mama anayeanika mahindi yake kwenye turubai anajua kwamba mvua ikiyakuta usiku yataota kuvu. Karanga kuharibika angeweza kutusamehe. Kashfa yetu ilikuwa zile siku 11, na juu yake nilikuwa nimeongeza uongo kwa mkono wangu mwenyewe.

Tulikutana Ijumaa mchana, watu watano: Mzee, wakili, meneja uzalishaji, mkemia na mimi. Mkemia wetu alikuwa dada wa miaka ishirini na kitu, mpole, aliyezoea kuzungumza mwisho. Siku hiyo Mzee alimgeukia yeye kwanza. "Mwanangu, tueleze imekuwaje."

Akaeleza kwa utulivu. Tatizo lilikuwa karanga, si mahindi. Tulikuwa tunanunua karanga zilizokwisha banguliwa, na ndani ya magunia mlikuwa na punje nyingi zilizovunjika na zilizosinyaa. Ganda na ngozi ndiyo kinga ya karanga. Likishavunjika, kuvu hupata mlango. Kuvu huyu huanza shambani mmea unapokumbwa na ukame, kisha hushamiri mavuno yasipokauka upesi. Kukaanga karanga na kuchemsha uji huua kuvu mwenyewe, lakini sehemu kubwa ya sumu aliyokwisha itoa hustahimili moto na kubaki.

Akasema jambo la pili, ambalo ndilo lililoninyamazisha. Sumukuvu haikai sawasawa ndani ya mzigo kama chumvi katika mchuzi. Gunia zima linaweza kuwa safi isipokuwa punje chache, na punje hizo chache zikawa na sumu ya kuharibu bachi nzima zikisagwa. Sisi tulikuwa tunachoma bambo kwenye magunia matatu au manne ya mlangoni, tunapima kiganja kimoja, na karatasi inasema salama. Kwa hiyo kila cheti nilichowahi kukitaja katika matangazo kilikuwa cheti cha kiganja kile.

"Nilishaandika," akasema, akimtazama meneja uzalishaji bila hasira. "Mara mbili." Ilikuwa kweli. Ripoti zake zilikwenda kwa meneja, na posho ya meneja ilihesabiwa kwa tani zilizotoka kwa mwezi. Simlaumu yule kaka peke yake, kwa sababu mpangilio ule tuliuweka sisi sote: mtu anayelipwa kwa kusukuma mzigo ndiye tuliyempa kazi ya kusikiliza sauti ya kuuzuia.

Kabla ya kuandika chochote, nilimwomba Mzee tuanze na hatua zinazowezekana siku ileile. Mashine ya unga wa lishe ikazimwa. Ghala la karanga likafungwa, na ufunguo wake akakabidhiwa mkemia badala ya meneja. Madereva wakapigiwa simu warudi na mzigo uliokuwa njiani. Ndipo nikaketi kuandika taarifa ya pili, na safari hii kila sentensi ilikuwa na jambo lililokwisha tendeka nyuma yake.

Tuligombana kwa saa tatu kuhusu sentensi moja. Nilikuwa nimeandika: "Barua ya maabara tuliipokea siku 11 zilizopita na hatukuwaambia. Taarifa tuliyoitoa jana usiku haikuwa kweli." Wakili alitaka zote mbili ziondoke. Hoja yake ilikuwa na uzito. Alisema sentensi hizo zitasomwa mahakamani siku tukishitakiwa. Akapendekeza "tumepokea taarifa na tunaifanyia kazi." Nikamwambia kwamba muhuri umeshasomwa na kila mwenye simu, kwa hiyo tukikwepa kuutaja hatutakuwa tumeficha chochote, tutakuwa tumethibitisha kwamba bado tunaficha. Mzee alinyamaza kwa muda mrefu. Kisha akaniuliza, "Shemeji yako umemjibu nini?" Nikamwambia ukweli, kwamba sikuwa nimemjibu. Akasema, "Basi mwandikie yeye. Halafu hiyohiyo ndiyo itoke."

Taarifa ikawa ujumbe kwa shemeji yangu. Ilitaja namba ya bachi na sehemu ya mfuko inapoandikwa, tarehe za kusagwa, na mikoa ambako unga ulipelekwa. Ilisema usiupike, usiupe kuku wala ng'ombe, rudisha duka lolote upate fedha yako hata kama huna risiti na hata kama mfuko umebaki nusu. Neno la ng'ombe aliliongeza mkemia: ng'ombe akila chakula chenye sumukuvu, sehemu yake hutokea kwenye maziwa, na mtoto uliyemnyima uji utampa sumu kwa kikombe. Kisha zikafuata zile sentensi mbili. Hapakuwa na neno "bahati mbaya", wala hatukutaja miaka ambayo kiwanda kimewahudumia Watanzania. Nilimpelekea shemeji kwanza. Hakujibu hadi siku ya tatu, aliponiletea picha ya mifuko miwili juu ya kaunta ya duka. Baada ya hapo hakuniomba unga kwa muda mrefu, nami sikuthubutu kumpelekea.

Bachi ile ilikuwa na mifuko 9,000 ya kilo moja. Baada ya wiki tatu ilikuwa imerudi 5,300. Watu wa wakala wetu wa matangazo walishauri tutangaze hizo 5,300, kwa kuwa ni zaidi ya nusu. Tulitangaza zote mbili: 5,300 imerudi, 3,700 haijarudi na tunaamini imeliwa. Kuandika "imeliwa" kulinichukua asubuhi nzima. Lakini ndilo neno lililowafanya baadhi ya wauza duka wa Temeke na Kinondoni waende kuulizia nyumba kwa nyumba, na mifuko mingine zaidi ya mia mbili ikapatikana ndani ya ndoo na makabati.

Katika siku hizo hizo nilijifunza upande wa pili, ule wa kunyamaza, na ninaona ndio mgumu zaidi.

Mama mmoja alipiga simu akisema mtoto wake anatapika na anaharisha, na amekuwa akila unga wetu. Nilikwenda kwake na mkemia. Sumukuvu nyingi kwa mara moja hushambulia ini. Dalili inayotisha ni macho na ngozi kuwa njano, tumbo kujaa, mtoto kulegea. Mtoto yule hakuwa na dalili hizo, na daktari wa kituo cha afya alimpima akamtibu ugonjwa mwingine. Kwa kiwango cha 38, hatari kubwa ni ya polepole: kula kidogo kidogo kwa miezi na miaka, ambako kunahusishwa na saratani ya ini, na ambako watafiti wanakutazama pia katika udumavu wa watoto.

Meneja mauzo aliposikia akafurahi. Alitaka tutoe tangazo kwamba kiwango kile hakiwezi kumwua mtu, na kwamba mtoto anayesemwa hakuumwa kwa ajili yetu. Maneno yote mawili yalikuwa na ukweli ndani yake. Nilikataa, na hadi leo naona hilo ndilo jambo nililolifanya vizuri kuliko yote. Kuna ukweli ambao daktari akiusema ni elimu, na aliyelisha watu sumu akiusema ni kujitetea. Tuliwaomba madaktari wa mkoa wazungumze na wazazi kwa namna wanayoiona wao, bila nembo yetu na bila sisi kuwapo. Walipoulizwa redioni walisema hatari ya ghafla ni ndogo, na wakasema pia hatari ya muda mrefu ni ya kweli. Kama tungesema sisi, ile nusu ya pili tungeimeza.

Tulinyamaza pia kuhusu karanga zilitoka wapi. Waandishi waliuliza kila siku, na wilaya moja ilikuwa mdomoni mwa kila mtu. Tungeitaja, mnunuzi asingekanyaga tena huko, na mkulima aliyekausha karanga zake vizuri angelia pamoja na yule aliyezivuna mvuani. Sitaitaja hapa pia. Tukanyamaza kuhusu mtu aliyepiga ile picha. Kila mmoja kiwandani alikuwa na jina lake la kutaja, na meneja uzalishaji alikuwa tayari kupekua simu. Mzee alipiga marufuku hata kuuliza. Kikombe kile cha chai nilikitambua mimi, kwa kuwa nilikiona kila siku, na sijamwambia mtu.

Hizo ni aina za kimya ambazo nazitetea. Kimya cha siku 11 hakimo humo, na tofauti naiona hivi: kimya hiki kilimlinda mtu mwingine na kilitugharimu sisi, kile kilitulinda sisi na gharama akailipa mtoto wa miezi tisa.

Mwezi wa pili wakala alikuja na mpango mkubwa. Jina jipya, mfuko wa kijani badala ya mwekundu, msanii maarufu akinywa uji. Nilimwonyesha Mzee mfano ninaoukumbuka wa India. Mwaka 2015 wakaguzi walisema tambi za Maggi zina madini ya risasi kupita kiwango, na lebo yake ikilalamikiwa kwa kudai haikuongezwa kiungo cha MSG. Kampuni ilishikilia vipimo vyake kwamba tambi ni salama. Mwezi Juni zilizuiwa nchi nzima, na maelfu ya tani yakateketezwa. Agosti Mahakama Kuu ya Bombay ikatengua zuio na kuagiza vipimo vipya katika maabara tatu, navyo vikaonyesha risasi iko ndani ya kiwango. Novemba tambi zikarudi madukani. Zilirudi kwa jina lilelile na mfuko wa njano uleule, ila yale maneno ya MSG yaliondolewa kwenye lebo. Wale walikuwa na vipimo upande wao, na bado havikuwaokoa jikoni pale mama alipotaka jibu. Sisi hatukuwa na vipimo wala jibu. Kubadili jina kungekuwa siku 11 nyingine, ndefu zaidi.

Kwa hiyo jina lilibaki, na fedha ya matangazo ya mwaka mzima ikahamia ghalani. Karanga zilizobanguliwa tuliacha kuzinunua. Tukanunua zenye maganda, tukazibangua wenyewe, na kina mama kumi na wawili wakaajiriwa kuzichambua kwa mkono chini ya taa, wakitoa kila iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au kuvunjika. Kila lori la mahindi na karanga likapimwa kabla ya kushusha. Bambo linachomwa kwenye magunia mengi, ya juu, ya kati na ya chini, punje zinazokusanywa zinasagwa zote pamoja na kuchanganywa vizuri, ndipo kipimo kinachukuliwa. Unyevu wa mahindi ukizidi asilimia 13.5 lori halishushwi hata kama sumukuvu haijaonekana. Malori yalipanga foleni hadi barabarani, na madalali walitutukana kwa majina ya mama zetu.

Badiliko lililokuwa na maana kuliko yote halikugharimu hata shilingi. Ni ule ufunguo. Mkemia alibaki nao. Ripoti yake haikupita tena kwa meneja uzalishaji, na akisema mzigo haushushwi, hata Mzee hana uwezo wa kumpinga. Iliandikwa hivyo na kusainiwa. Posho ya meneja ilihesabiwa upya, ikazingatia bachi zilizofaulu badala ya tani. Nilikataa kusema lolote kuhusu badiliko hili kwa miezi minne. Nilitaka kwanza nione ufunguo ukitumika siku ambayo unauma, na siku hiyo ilikuja Februari, mahindi yakiwa adimu na bei iko juu, alipokataa malori mawili mfululizo na mashine zikalala siku mbili. Mzee alitembea uani huku na huku akiwa na tasbihi yake mkononi, akarudi ofisini bila kumwita.

Baada ya hapo nilikuwa na jambo la kusema. Unga wa lishe ulirudi baada ya miezi saba, katika maduka kumi na manne tu, ya watu waliotusaidia kuukusanya. Hatukutangaza redioni. Kila Jumatatu tulibandika karatasi moja kwenye kila duka: malori yaliyokuja wiki iliyopita, kipimo cha kila moja, lililopokewa na lililokataliwa.

Watu huniuliza nilijuaje kwamba jina linapona. Sikutazama maoni ya mitandaoni. Yale hupanda na kushuka kwa upepo. Nilitazama duka. Mwanzoni wauzaji waliweka mifuko yetu chini ya kaunta, wakiitoa kwa anayeulizia tu. Wengine waliichukua kwa mali kauli pekee, hawakuwa tayari kuweka fedha yao. Niliandika kwenye daftari siku ambayo kila duka liliagiza kwa fedha taslimu, na siku ambayo mfuko ulipanda rafu ya mbele. Kwa duka la haraka zaidi ilikuwa wiki ya tisa. Mawili hayakufika kamwe. Na simu za wateja zilibadilika maswali: kutoka "mmeacha kuweka sumu?" hadi "kwa nini mmepandisha bei?" Nililipokea swali hilo la bei kwa shukrani. Mauzo nilipoondoka kiwandani yalikuwa kama theluthi mbili ya yale ya zamani. Theluthi ya tatu ni ya watu waliopika uji wa mifuko ile ambayo haikurudi, na sidhani tuna haki ya kuwadai warudi.

Wiki moja ya mwaka uliofuata lori la mahindi lilitoa kipimo cha 46. Lilikataliwa, tukawaarifu wakaguzi, na Jumatatu karatasi ikabandikwa kama kawaida: 46, limekataliwa. Nilipita dukani Mbagala kuona watu wanaisomaje. Mzee mwenye duka alikuwa amevaa miwani, anaisoma mstari kwa mstari, kidole kikifuata. Akafika kwenye ile 46.

"Hili mlilikataa."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Likaondoka na mzigo wake."

"Ndiyo."

Akavua miwani. "Sasa lilikwenda kushusha wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia hivyo, naye akatikisa kichwa, akairudisha miwani na kuendelea kusoma mstari uliofuata.